Meseji ilikuwa safi, ila hakuna aliyeamini ni ya mwenyekiti

Kisa hiki kimetokea kwenye kikoba cha akina mama kule Nkuhungu, hapahapa Dodoma mjini, wanachama 24, mke wangu ni mmoja wao. Mimi kazi yangu ni ya ofisini huko Mtumba na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kunyoosha maandishi ya watu wengine, barua, taarifa, hotuba ya bosi ya dakika tano, kwa hiyo jambo kama hili nikiliona siliachii hivihivi. Majina siweki, la kikoba pia siweki, wenyewe wapo mtaani humu na wameridhia niandike ilimradi nisiwataje.

Mwenyekiti wao ni mama wa makamo, Mgogo, anauza karanga na unga wa uwele soko la Majengo. Ameshika kiti tangu kikoba kinaanza, na meseji zake wanachama wanazitambua hata bila kuangalia jina juu. Anaanza na "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, hata wasio Wagogo, maana kuna Warangi humo na Wanyaturu na Mchaga mmoja, wameshazoea na wengine wanamjibu hivyohivyo. Haombi, anasema "leteni", "tumeni", "msichelewe", na hakuna anayenuna. Hela anaiandika kwa maneno, elfu kumi, elfu tano, na saa vilevile. Akimaliza anasema "haya", halafu kitu kuhusu Mungu. Nukta anaweka pale anapokumbuka.

Sasa Ijumaa moja mwenzao mmoja akawa amefiwa na baba yake, mazishi Mvumi kesho yake. Kwa taratibu zao kila mtu anatoa elfu kumi ya jamii. Hapo kukawa na tatizo moja dogo, mweka hazina simu yake ilipasuka kioo na ikawa haishiki, kwa hiyo hela ikabidi itumwe kwa namba ya mtoto wake. Mwenyekiti akiwa sokoni akaandika hivi:

> Mbukwenyi wapendwa. Mwenzetu wa kule kwa mashine kafiwa na baba yake jana usiku mazishi kesho saa nane huko kwao Mvumi. Leteni ile elfu kumi yetu ya jamii leo hii kabla ya saa kumi na mbili jioni maana kesho alfajiri tunatoka na hiace pale kwenye mbuyu. Ile simu ya mweka hazina imepasuka kioo haishiki tumeni kwa namba ya mwanae. Atakayekwama aniambie mie mapema sio kesho. Haya Mungu atutie nguvu

Kabla hajaituma akasita, kwa sababu habari ya kubadilisha namba ni nyeti na hakutaka watu wachanganyikiwe. Akamtumia binti wa kaka yake anayesoma chuo, anakaa naye, akamwambia "hebu iweke vizuri halafu uirushe kwenye grupu". Binti akakaa kwenye laptopu, akatoa hii, na namba mpya chini yake:

> TAARIFA YA MSIBA NA “MCHANGO WA JAMII”
> Ndugu wanakikundi, natumaini ujumbe huu unawakuta mkiwa na afya njema. Kwa masikitiko makubwa napenda kuwataarifu kuwa mwanachama mwenzetu amefiwa na mzazi wake. Hivyo basi, kila mwanachama anaombwa kuwasilisha mchango wa Tsh 10,000/= kabla ya saa 12:00 jioni ya leo kupitia namba iliyoainishwa hapo chini. Tafadhali zingatia kuwa namba iliyokuwa ikitumika awali haitapatikana kwa sasa kutokana na changamoto za kiufundi. Kwa maelezo zaidi usisite kuwasiliana nami. Natanguliza shukrani zangu za dhati kwa ushirikiano wenu. Mwenyekiti.

Akamsomea shangazi yake kwa simu, shangazi akasema "ee hiyo imekaa vizuri kabisa", ikarushwa kwa simu ya shangazi iliyokuwa imeunganishwa na laptopu ile. Kwa wale sita wenye viswaswadu ikanakiliwa ikaenda kama SMS ya kawaida.

Saa kumi na mbili jioni ilipofika waliokuwa wametuma ni sita tu. Na wote sita, tulipokuja kuulizana baadaye, walikuwa wameshausikia msiba mtaani kabla ya meseji, yaani meseji haikuwashawishi chochote, walikuwa wanasubiri kuambiwa namba.

Wengine kila mtu alikuwa na lake. Mke wangu alinipa simu akaniuliza "huyu kaandikiwa na nani?" Mama mmoja alirusha kwenye kigrupu kingine cha pembeni kwamba laini ya mwenyekiti imechukuliwa na matapeli msitume chochote, na hiyo ndiyo iliyosambaa kuliko meseji yenyewe. Mwingine alishaanza kuandika neno Utapeli atume 15040, ile namba ya kuripotia laini za matapeli, mwanae ndio akamwambia mama subiri kwanza. Kuna waliompigia mwenyekiti wakakuta simu iko bize muda wote, msiba ulivyo, wakampigia mweka hazina kwa namba ya zamani haipatikani, na hapo ndipo wakaamini kabisa kuwa ni utapeli, kwa sababu meseji yenyewe ilishasema namba ya zamani haitapatikana, na tapeli yeyote angesema hivyohivyo.

Ila aliyenifikirisha zaidi ni bibi mmoja mzee kuliko wote humo ndani. Yeye hakudhani ni tapeli hata kidogo, alijua ni mwenyekiti. Alichodhani ni kwamba mwenyekiti amekasirika. Kwenye kikao kilichopita walibishana kidogo habari ya faini za wachelewaji, sasa yeye kuona "ndugu wanakikundi" badala ya "wapendwa", akasema mwanangu yule katununia, katuita ndugu wanakikundi kama vile hatujuani, basi na mimi nitampelekea mkononi tuongee. Na akaenda kweli, jioni ile, na kijimkongojo chake.

Nasimama hapa kidogo kwa sababu watu wakisikia kisa hiki wanaruka moja kwa moja kwenye utapeli, wanasema siku hizi lazima tuwe makini, tuma kwenye namba hii, basi. Utapeli ni sehemu moja tu. Mtu anayekujua akipokea maandishi yasiyofanana na wewe anajiuliza moja kati ya maswali matatu: huyu ni yeye kweli? au, ni yeye ila ana nini na mimi leo? au, ni yeye ila kuna mtu nyuma yake anamwandikia, na kwa nini? Mke wangu alikuwa kwenye hilo la tatu. Wale wa kigrupu cha pembeni la kwanza, bibi la pili. Hela ikiwepo swali la kwanza linashinda, hela isipokuwepo, kwa mfano ni salamu za pole au ni kumwomba mtu radhi, litakalokuja ni la pili au la tatu, na hilo halipigiwi simu kuthibitishwa, mtu anakaa nalo moyoni tu.

Sasa tuangalie meseji ya binti ilifanya nini hasa. Kiswahili chake hakina kosa, kiwe wazi hicho. Tatizo la kwanza ni sauti, hilo kila mtu analiona: Mbukwenyi imeondoka, leteni imekuwa "anaombwa kuwasilisha", elfu kumi imekuwa Tsh 10,000/=, haya imekuwa shukrani za dhati. Tatizo la pili limejificha zaidi na mimi naona ndilo lililoharibu zaidi. Binti aliondoa vitu ambavyo ni mwenyekiti peke yake angevijua. "Mwenzetu wa kule kwa mashine", kila mtu kikobani anajua ni nani. "Huko kwao Mvumi". "Hiace pale kwenye mbuyu". "Ile elfu kumi yetu", yaani ile tuliyokubaliana. Kioo kilichopasuka, ambacho baadhi walishakiona mkononi mwa mweka hazina juzi yake. Hivyo vyote vilionekana ni porojo za mtu mzima, vikafupishwa vikawa "mwanachama mwenzetu", "mzazi wake", "changamoto za kiufundi". Sasa changamoto za kiufundi anaweza kuwa nazo mtu yeyote duniani, kioo cha mweka hazina ni kimoja tu. Mbukwenyi tapeli anaweza kuiiga kama amekaa Dodoma siku mbili, kioo hawezi kukibuni.

Kuna na jambo la tatu dogo la kwenye simu zenyewe. Wale wa viswaswadu meseji iliwafikia vipandevipande, mmoja kwake kichwa cha meseji kilikuwa na vibox viwili mahali pa alama za kunukuu. Sababu ni kwamba SMS ya herufi za kawaida inabeba herufi 160, ikizidi inakatwa vipande vya 153, lakini ukiweka alama moja tu isiyokuwemo kwenye orodha ya kawaida, kama zile alama za kunukuu zilizopinda ambazo laptopu inaziweka yenyewe, meseji nzima inabadilisha mfumo na kila kipande kinabeba herufi 67. Ile ya binti ina herufi kama mia sita, ingekuwa vipande vinne, ikawa karibu kumi. Mama aliyezoea kupata kijimeseji kifupi kutoka kwa mwenyekiti anaona simu inalia inalia na vibox ndani, ungekuwa wewe ungetuma hela?

Binti alitoa wapi lugha ile? Nilimuuliza, bila ugomvi, akanionyesha. Miezi michache nyuma alimwandikia shangazi yake barua ya kikoba kwenda halmashauri kuomba ule mkopo wa asilimia 10, ule unaogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu. Barua ilikuwa nzuri sana, nimeisoma, na afisa maendeleo ya jamii aliipokea bila kurudisha hata mara moja. "Hivyo basi" imo, "kuwasilisha" imo, "natanguliza shukrani" imo. Na kule ilikuwa sawa kabisa, maana afisa hamjui mwenyekiti, hana sauti ya kulinganisha nayo, anachotafuta ni barua inayofanana na barua. Kosa ni kuchukua lugha ya kuandikia asiyekujua na kuipeleka kwa watu 23 wanaokujua. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kunyoosha chochote sio "Kiswahili kiko sawa?", ni "anayepokea anamjua huyu kwa kiasi gani?" Kadiri anavyomjua ndivyo mkono wako unavyotakiwa kuwa mwepesi.

Na lile la shangazi kusema "imekaa vizuri kabisa" lisikudanganye. Mwenye meseji karibu kila mara atasema ni nzuri. Anaona kavishwa suti, anajipenda, na pengine anaona aibu kumwambia msomi kwamba mimi siongei hivi. Ridhaa yake inakwambia ameridhika, haikwambii kama watu wake watamtambua. Hao ni watu wawili tofauti wa kuwauliza.

Jioni ile mke wangu alinivuta nikaenda nyumbani kwa mwenyekiti, tukamkuta na yule bibi wameshapatana na chai wamekunywa. Tukaanza upya, na tulianza na ile meseji ya kwanza ya sokoni. Hiyo ni kanuni yangu ya kazi hata huko ofisini, ukigundua maandishi yamepoteza mwenyewe usijaribu kuyarudisha kwa kuongezaongeza vionjo juu ya nakala iliyonyooshwa, unapata kitu cha ajabu, nusu barua nusu Mgogo. Rudi kwenye rasimu yake mbichi urekebishe hiyo, kidogokidogo.

Nikamwomba simu yake nikasoma meseji zake kama sita za nyuma, nikichagua zile alizowaandikia haohao kikoba kuhusu michango. Sikuchukua alizomwandikia mchungaji wala mwanae aliyeko Singida, kwa sababu mtu hana sauti moja, kwa mchungaji mama huyuhuyu anaandika "Bwana Yesu asifiwe baba" na anaomba kwa upole ambao kikoba wakiuona watashangaa vilevile. Kwenye hizo sita nikaangalia anaanzaje, anawaitaje, akitaka kitu anakitakaje, hela na saa anaviandikaje, anamalizaje, na meseji yake huwa na urefu gani. Haikuchukua hata muda wa kumaliza kikombe.

Halafu nikatafuta kitu gani kwenye rasimu mbichi kinaweza kumpotosha msomaji kweli. Vipo, hakuna haja ya kuiabudu rasimu eti kwa sababu ni yake. "Kesho saa nane" mtu akiisoma Jumamosi asubuhi atadhani ni Jumapili, hiyo inatakiwa siku. "Namba ya mwanae", mwana wa nani, wa mweka hazina au wa mwenyekiti? wote wana vijana. Namba yenyewe hakuiandika. "Alfajiri" ni saa ngapi? kwa mwingine ni saa kumi na moja, kwa mwingine saa moja bado alfajiri. Hayo manne ndiyo yaliyohitaji mkono wa mtu mwingine. Kukosa nukta, "mie" badala ya "mimi", "kafiwa" badala ya "amefiwa", hayo hayampotezi mtu na ndiyo sura yake, nikayaacha. Nukta niliongeza sehemu mbili tatu ambapo sentensi mbili zilikuwa zinabebana.

Ikatoka hivi, na saa ya mwisho ikasogezwa:

> Mbukwenyi wapendwa ni mie mwenyekiti. Ile meseji ya mchana ni yangu niliandikiwa na binti wa kaka yangu. Mwenzetu wa kule kwa mashine kafiwa na baba yake jana Alhamisi usiku. Mazishi kesho Jumamosi saa nane mchana huko kwao Mvumi. Leteni ile elfu kumi yetu ya jamii leo hii kabla ya saa mbili usiku. Ile simu ya mweka hazina imepasuka kioo haishiki, tumeni kwa namba ya mwanae yule wa bajaji hii hapa chini, litatokea jina lake na la baba yake. Hiace inatoka kesho saa kumi na mbili asubuhi pale kwenye mbuyu. Atakayekwama aniambie mie mapema sio kesho. Voisi yangu inafuata. Haya Mungu atutie nguvu

Haijatumwa bado. Nikampa mwenyekiti aisome kwa sauti, yeye, sio mimi wala binti. Hiki kipimo nakiamini kuliko vingine, kwa sababu mdomo unakataa kitu ambacho jicho linakipitisha. Mwanzoni nilikuwa nimeandika "tumeni kwa mtoto wake anayeendesha bajaji", alipofika hapo akajikwaa, akasoma tena, halafu akasema mwenyewe "mwanae yule wa bajaji". Sikubishana, nikabadilisha. Mahali mtu anapojikwaa usimuulize kwa nini, sikiliza anasema nini badala yake, ndicho uandike.

Baadaye mke wangu akafanya kitu ambacho sikumfundisha. Akaisoma meseji bila jina kwa jirani mmoja wa kikoba aliyepita kuulizia msiba, akamuuliza "hii kaandika nani?" Jirani akacheka, "si mwenyekiti huyo". Ona alivyouliza. Angeuliza "hii inafanana na ya mwenyekiti?" jirani angesema ndiyo kwa adabu tu, hata kwa ile ya binti angeweza kusema ndiyo. Swali lisibebe jibu, na anayeulizwa asijue unapima nini.

Binti naye alikuwa amekaa pembeni na nilitaka apate kitu cha kuondoka nacho, basi nikamwambia achukue ile nakala yake ya mchana atafute maneno ambayo yeye mwenyewe anayapenda. Akayapata upesi: hivyo basi, zingatia, iliyoainishwa, usisite. Akafungua kazi zake za chuo, yamo humo yote. Kila anayenyoosha maandishi ya watu anaacha alama zake bila kujijua, mimi nina "aidha" na "kwa muktadha huo", mke wangu ananicheka kila siku. Ukimaliza kunyoosha ujipekue hivyo, ukiona maneno yako kwenye mdomo wa mtu mwingine uyatoe, hata kama ni mazuri.

Na maneno yenyewe yanayomtambulisha mtu mara nyingi sio yale makubwa. Mwaka 1964 wataalamu wawili wa takwimu wa Marekani, Mosteller na Wallace, walitoa kitabu kuhusu insha 12 za kisiasa za miaka ya 1780 ambazo haikujulikana kwa hakika ni za Hamilton au Madison, wanasiasa wawili wa hukohuko. Mada hazikusaidia kitu maana wote waliandika kuhusu mambo yaleyale, kilichosaidia ni kuhesabu vineno vidogovidogo, vya kuunganishia sentensi, ambavyo mwandishi anavitumia bila kufikiri, na ushahidi ukaelemea kwa Madison. Wanachama wa kikoba hawahesabu, ila masikio yao yanafanya kazi ya namna hiyo. Ukimuuliza mke wangu mwenyekiti anaandikaje atakwambia Mbukwenyi na haya. Ila "ile", ile elfu kumi, ile simu, ile meseji, mama yule haandiki mistari mitatu bila "ile" na hakuna mwanachama angekutajia, na kwenye nakala ya binti haikuwepo hata moja.

Sasa mipaka. Meseji kufanana na mwenyewe sio ushahidi kwamba ni yeye. Mtu akiiba simu anapandisha juu anasoma meseji za nyuma kama nilivyosoma mimi, na Mbukwenyi ataiandika na haya ataiweka. Ndiyo maana tulitanguliza kusema voisi inafuata, na voisi ikafuata kweli, mwenyekiti akitaja ile ya kwa mashine na kioo, na mwanae wa bajaji akisikika nyuma anacheka. Na kwenye kutuma, jina linatokea kabla hujaweka namba ya siri, wakaambiwa waliangalie kabla ya kubonyeza. Kazi ya sauti ni kumwondolea anayekujua sababu ya kushtuka bure, uthibitisho wa hela una njia zake na usichanganye hivyo viwili.

Mpaka mwingine ni kwamba kuna siku mtu mwenyewe anataka kubadilika. Mwenyekiti akiamua kesho kwamba sasa atawaandikia kwa "ndugu wanakikundi" kwa sababu kikoba kimekua, hiyo ni haki yake, ila awaambie kwanza kikaoni kwa mdomo, wasikutane na mtu mpya kwenye simu siku ya msiba.

Kabla ya saa mbili usiku waliotuma walifika 19, ukijumlisha na bibi aliyeleta mkononi. Wengine wawili wakaleta asubuhi pale kwenye mbuyu. Wakabaki wawili, na wote wawili walisema "mie nilidhani ni matapeli". Mmoja namwamini, simu yake ilikuwa imezimika chaji tangu mchana, ile ya pili na voisi hakuziona. Huyo mwingine alama za bluu zinaonyesha aliisikiliza voisi saa mbili kasoro, na mwenyekiti anajua, kasema tu "hana hela huyo, muacheni mwezi uishe".